Ndugu wa tumbo moja, damu mbili: kidonge cha dada kilipompata kaka

Kila nyumba ya Waswahili hapa Maskati ina droo yake ya dawa. Mara nyingi iko jikoni, karibu na viungo, na ndani yake utakuta pakiti za vidonge zilizokatwa nusu, chupa ya dawa ya kikohozi aliyoiacha mgeni kutoka Unguja, na vidonge vingine ambavyo hakuna tena anayekumbuka vilikuwa vya nini. Mtu akilalamika maumivu, wa kwanza kunyanyuka si daktari. Ni dada, shangazi au mwenzako wa chumbani: "Hebu ngoja, nami nilikuwa hivyohivyo. Vilinisaidia hivi."

Mimi ni mfamasia, kazi yangu iko nyuma ya kaunta ya duka la dawa, na sina moyo wa kumkaripia mtu anayefanya hivyo. Najua sababu zake. Mgeni asiye na bima hulipa mfukoni kumwona daktari katika kliniki ya binafsi, halafu analipa vipimo, halafu dawa. Mwanafunzi anahesabu riyali zake hadi mwisho wa mwezi. Dada anayefanya kazi za ndani pengine ana siku moja tu ya kutoka. Katika hali hiyo, vidonge vinne vilivyobaki ndani ya droo ni zawadi ya kweli, na anayetoa anatoa kwa mapenzi.

Lakini kuna jambo moja kuhusu damu za watu wa huku na wa pwani yetu ambalo linaifanya zawadi hiyo iwe ya hatari kuliko watu wanavyofikiri. Nitalieleza kwa kisa cha ndugu wawili. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili wasijulikane, ila yaliyotokea ndani ya mwili ni yale yale.

Dada na kaka, baba mmoja mama mmoja, walikuwa wakiishi pamoja katika fleti ndogo upande wa Mabela. Dada alipata maumivu ya kukojoa: mkojo unachoma, anakwenda chooni kila mara, kinatoka kidogo tu. Alimwona daktari, mkojo ukapimwa, yakaonekana maambukizi ya kibofu, yale wengi wetu tunayoyaita yu-ti-ai. Akaandikiwa nitrofurantoini ya miligramu 100, kidonge kimoja asubuhi na kimoja usiku kwa siku 5. Jumla vidonge 10. Siku ya tatu usiku alikuwa mzima kabisa, akaacha. Vikabaki vinne.

Wiki mbili baadaye kaka, kijana wa miaka 22 anayefanya kazi ya kupeleka mizigo kwa pikipiki katika joto la Juni, akaanza kulalamika kwamba mkojo unamchoma na kiuno kinamuuma upande mmoja. Dada akampa vile vinne. Akameza kimoja Jumatano usiku, viwili Alhamisi, na cha mwisho Ijumaa asubuhi.

Ijumaa jioni mkojo wake ulibadilika rangi, ukawa kama chai ya rangi iliyokolea. Hakushtuka, na hapa ndipo kisa hiki kinaponifundisha kila ninapokikumbuka. Dada alikuwa ameambiwa na mfamasia wake kwamba dawa hii hugeuza mkojo kuwa wa manjano iliyoiva au kahawia, na kwamba hilo halina madhara. Ni kweli, mimi pia huwaambia wateja hivyo. Kwa hiyo alimtuliza kaka yake kwa maelezo sahihi kabisa, isipokuwa yalikuwa maelezo ya mwili wa mtu mwingine. Jumamosi asubuhi kijana alishindwa kupanda ngazi za ghorofa ya pili bila kusimama. Moyo ulikuwa unamwenda mbio. Mama yao, aliyekuwa akizungumza naye kwa video kutoka Unguja, ndiye aliyesema: "Mwanangu, mbona macho yako ya manjano?"

Hospitali walimpima damu. Mwanamume mzima huwa na himoglobini ya gramu 13 hadi 17 katika kila desilita ya damu. Yake ilikuwa 7. Karibu nusu ya damu yake nyekundu ilikuwa imevunjika kwa siku tatu, na ule weusi wa mkojo ulikuwa ni himoglobini inayomwagika kupitia figo. Aliongezewa damu chupa mbili, akapewa maji mengi ya mshipa ili figo zisizibe, na kile kidonge kikakatazwa kwake maisha. Kisha wakampiga picha tumboni, wakakuta kilichokuwa kinamchoma tangu mwanzo: kijiwe cha figo, kilichoteremka karibu na kibofu. Hakuwa na maambukizi ya mkojo. Dawa iliyomvunja damu haikuwa hata na kazi ya kufanya.

Sasa turudi kwenye damu. Ndani ya kila chembe nyekundu mna kimeng'enya ambacho maabara huandika kwa kifupi G6PD. Kazi yake ukiielezea kwa lugha ya nyumbani ni kama mafuta unayopaka jembe lisipate kutu. Chembe nyekundu hubeba oksijeni mchana na usiku, na oksijeni hutia kutu. Kimeng'enya hiki ndicho kinachoilinda chembe isiharibike. Mtu aliyezaliwa na upungufu wa G6PD ana mafuta kidogo. Siku za kawaida humtosha, anacheza mpira, anafunga Ramadhani, anazeeka, na huenda asijue kamwe kwamba ana kasoro. Lakini kuna dawa chache ambazo zikiingia mwilini huleta kutu nyingi kwa ghafla. Chembe zake hazimudu, zinapasuka. Nitrofurantoini ni mojawapo. Primakwini ya malaria ni nyingine, na dapsoni pia. Maharage ya ful, yale makubwa yanayouzwa asubuhi katika migahawa yetu, hufanya vivyo hivyo kwa baadhi ya watu, ndiyo maana Waarabu huyaita maradhi haya anemia ya ful.

Upungufu huu si jambo adimu huku tunakoishi. Katika uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Oman miaka ya 1990, watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa, na karibu mmoja kati ya wanne wa kiume alikutwa nao, na mmoja kati ya kumi wa kike. Upo pia kwa wingi katika mwambao wa Afrika Mashariki, kwa sababu moja na ile ile: palipokuwa na malaria kwa karne nyingi, damu ya namna hii ilimpa mtoto nafuu fulani dhidi ya malaria, basi ikasalia na kuenea. Familia zenye asili ya pande zote mbili za bahari, kama nyingi za wasomaji wa gazeti hili, zimeirithi kutoka pande zote mbili. Na si aina moja tu. Iliyo ya kawaida zaidi Afrika huvunja hasa chembe zilizozeeka, kisha mara nyingi hali hutulia. Ile inayoitwa ya Mediterania, ambayo ni ya kawaida katika nchi za Kiarabu na ipo sana hapa Oman, ni kali zaidi. Kwa hiyo mtu anayekwambia "binamu yangu Mombasa ana G6PD naye aliimeza, hakuzimia" anaweza kuwa anasema kweli, na wewe bado ukaishia hospitali.

Mara nyingi nikifika hapa mtu huniuliza: "Lakini hawa si ndugu? Si damu moja?" Nalipenda swali hili, maana jibu lake ndilo kiini cha yote. Maagizo ya kutengeneza kimeng'enya hiki yako kwenye kromosomu ya X. Mwanamke ana X mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwanamume ana moja tu, na huipata kwa mama yake. Mama wa ndugu hawa wawili ana X moja nzima na moja yenye kasoro, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kuugua. Kila mtoto wa kiume aliyemzaa alikuwa na nafasi sawa ya kupata hii au ile, kama kurusha sarafu. Kaka alipata yenye kasoro, na hana ya pili ya kumsaidia. Dada, hata kama alipewa hiyo hiyo na mama, anayo nzima ya baba. Tumbo moja, chungu kimoja, dalili moja, na kidonge kile kile kikamponya mmoja kikamvunja damu mwingine. Ikiwa hivi ni kwa ndugu wa baba na mama, basi mwenzako wa hosteli ndiyo mbali zaidi.

Hili lilijulikana katika miaka ya 1950 kule Marekani, wakati primakwini ilipojaribiwa kwa wafungwa wa gereza moja karibu na Chicago. Wafungwa walipewa kipimo kile kile, na damu za baadhi yao, hasa Wamarekani weusi, zikavunjika huku za wenzao zikibaki salama. Mwaka 1956 watafiti wakaonyesha kwamba chembe za wale walioathirika zilipungukiwa na G6PD. Leo tunapata taabu kusoma kwamba binadamu walifanyiwa majaribio wakiwa kifungoni, lakini elimu hiyo ndiyo tunayoitumia hadi sasa.

Na kwetu Afrika kuna mfano ulio karibu zaidi. Mwaka 2003 ilisajiliwa dawa mpya ya malaria iitwayo Lapdap, ya bei nafuu, iliyokusudiwa hasa kwa watoto wa Afrika, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoipokea. Ndani yake mlikuwa na dapsoni. Kadiri majaribio makubwa yalivyoendelea, ilionekana kwamba watoto wenye upungufu wa G6PD walikuwa wakipungukiwa damu vibaya baada ya kuimeza, wengine hadi kuhitaji kuongezewa. Mwaka 2008 ikaondolewa sokoni. Nautaja mkasa huu kwa sababu waliohusika walikuwa wataalamu, wenye maabara na vipimo, na watoto wote walikuwa na homa ya maradhi yale yale yaliyothibitishwa. Hata hivyo kidonge kimoja hakikuwafaa wote. Sisi jikoni tuna dalili tu za kutazama.

Dalili nazo hudanganya, kama zilivyomdanganya dada. Mkojo unaochoma unaweza kuwa maambukizi ya kibofu, unaweza kuwa kijiwe, na kwa kijana unaweza kuwa maradhi ya zinaa ambayo yeye mwenyewe anaona haya kuyataja mbele ya dada yake. Joto la hapa, jasho jingi na maji machache huzalisha vijiwe. Hata kama kaka angekuwa na maambukizi kweli, kiuno kinachouma upande mmoja kingemfanya daktari afikirie figo, na nitrofurantoini haifiki vizuri katika nyama ya figo. Hufanya kazi ndani ya mkojo, kibofuni. Zaidi ya hayo, vidonge vinne ni siku mbili, si tiba ya mtu yeyote. Na mgonjwa akishameza hata viwili vitatu kabla ya kupimwa, mkojo ukipelekwa kuoteshwa maabara huenda usioteshe kitu, na daktari anabaki gizani kuhusu nini hasa kilikuwepo.

Basi ikiwa mtu ameshameza dawa ya mwenzake, atajuaje kama mkojo umebadilika kwa sababu ya rangi ya dawa au kwa sababu damu inavunjika? Rangi ya dawa ni manjano iliyoiva au kahawia, huja mapema baada ya kidonge cha kwanza au cha pili, na mtu mwenyewe ni mzima: anakula, anatembea, macho ni meupe. Damu inayovunjika kwa kawaida huanza kujionyesha baada ya siku moja hadi tatu. Mkojo hufanana na chai nzito isiyo na maziwa au na koka-kola, na mwili nao husema: uchovu usio wa kawaida, moyo kwenda mbio, pumzi fupi ukipanda ngazi, viganja na ndani ya kope za macho kupauka, weupe wa macho kuwa wa manjano, mara nyingine maumivu ya mgongo au tumbo. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi usitazame uso, tazama kope za chini, ulimi na viganja. Ukiona mambo haya, usingoje asubuhi. Dawa iachwe, na mgonjwa apelekwe hospitali yenye huduma ya dharura. Nambari ya dharura hapa Oman ni 9999. Chukueni na pakiti ya dawa, hata ikiwa tupu. Jina lililoandikwa nyuma yake litawaokolea madaktari saa nzima ya kukisia.

Katika kisa chetu lilitokea jambo ambalo huwachanganya wengi. Kijana alipimwa G6PD siku ile ile aliyolazwa, na majibu yakaja karibu na kawaida. Familia ikafurahi, wakaanza kumlaumu muuza duka kwamba dawa ilikuwa mbovu. Daktari akawaomba wasubiri. Chembe zilizopasuka ndizo zilizokuwa na upungufu mkubwa. Zilizosalia, pamoja na zile changa zinazozalishwa upesi kufidia, huwa na kimeng'enya kingi zaidi, na pia alikuwa ameingizwa damu ya watu wengine. Kipimo cha siku hiyo huficha ukweli. Alipopimwa tena baada ya miezi mitatu, kilikuwa chini sana. Kwa hiyo kama wewe au mwanao mliambiwa "G6PD iko sawa" katikati ya shida ya namna hii, rudieni baadaye.

Wenye wachanga nao nina neno kwao. Mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya mwezi mmoja, au mtoto anayejulikana kuwa na upungufu, asimeze nitrofurantoini ya shoga yake hata kama yeye mwenyewe damu yake ni salama, kwa kuwa kiasi kidogo hupita kwenye maziwa. Mjamzito aliyekaribia kujifungua vilevile. Na kwa kuwa nimeshafika kwa wachanga, acheni kuwapaka hina. Najua ni mapambo na ni mapenzi ya bibi, lakini hina kwenye ngozi laini ya mtoto mwenye upungufu huu imewahi kuvunja damu, na vidonge vya nafthalini tunavyoweka kabatini kwenye nguo zake pia.

Watu huniuliza: basi nimpe nini ndugu yangu anapoumia usiku? Kwa maumivu na homa, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti kwa kawaida ni salama hata kwa wenye upungufu wa G6PD, ilimradi hana maradhi ya ini na hajameza tayari dawa nyingine yenye parasetamoli ndani, kama nyingi za mafua zilivyo. Maji ya kunywa mpe. Antibiotiki, dawa za malaria na dawa yoyote aliyoandikiwa mtu mwingine, hapana. Mkija kwangu au kwa mfamasia mwingine kuuliza, hatutozi fedha kwa kuuliza, na kwa Kiswahili pia utakuta wengi wanaokuelewa. Siwezi kukuuzia antibiotiki bila cheti cha daktari, lakini naweza kukwambia kama hali hiyo inaweza kungoja hadi kesho au la, na mara nyingi hiyo ndiyo riyali unayoiokoa. Ukitaka kutoa sadaka, changia ada ya daktari, au mkafuatane: wengi wanaokimbilia vidonge vya mwenzao hawaogopi sindano, wanaogopa kujieleza peke yao kwa Kiarabu au Kiingereza.

Watoto wengi wanaozaliwa Oman hupimwa G6PD wakiwa wachanga. Tazama kitabu cha afya cha mwanao, au uliza kituo cha afya alikoandikishwa. Ikiwa jibu ni upungufu, lipige picha na simu yako, na umfundishe mtoto kulitaja neno hilo kila anapopewa dawa, kama anavyotaja jina la baba yake. Wale tuliokuja wakubwa kutoka Unguja, Pemba, Mombasa au Bujumbura mara nyingi hatukupimwa kamwe, na kipimo chenyewe ni cha damu kidogo tu.

Kijana yule amepona, kijiwe kilitoka chenyewe, na amerudi kazini. Amejifunza kwamba binti yeyote atakayezaa atairithi X yake, na wana wake wa kiume hawataipata kwake. Mama yao kule Unguja ana wana wengine wawili, wa miaka 14 na 17. Wamepimwa wote. Mdogo anao, mkubwa hana.